Kikao cha wazee si mahakama: ndoa ya mfanyabiashara isiamuliwe akiwa mpakani

Mama ninayetaka kumzungumzia leo ni mwenzetu. Anapeleka mchele kutoka Sirari, upande wa Tanzania, hadi Isebania na Migori, upande wa Kenya. Amefanya kazi hiyo miaka tisa. Ameolewa kimila, ng'ombe walitolewa, na ana watoto watatu. Mumewe hukaa Sirari akisimamia stoo.

Asubuhi moja ya siku ya gulio alikuwa Isebania na magunia kumi na mawili, akisubiri gari. Simu ikaita. Shemeji yake akamwambia kwamba wazee wameketi kwa kaka mkubwa kuzungumzia ndoa yake, na kwamba anasubiriwa. Akaomba waahirishe hadi kesho yake, kwani mzigo ulikuwa barabarani. Hawakuahirisha. Jioni alipofika nyumbani alikuta uamuzi umeshatoka: aache safari kwa miezi sita, akabidhi ufunguo wa stoo na daftari la mauzo kwa mumewe, na aombe radhi kwa mbuzi mmoja.

Waliokuwa wameketi ni wanaume sita, wote wa ukoo wa mume. Hakuna aliyeuliza kwa nini wawili hao wanagombana. Walisikia upande mmoja kwamba mke analala Migori na simu inazimwa, wakatosheka.

Siandiki haya ili kuwatukana wazee. Wengi wetu tunaoishi huku na huku ya mpaka hatuna mlango wa kwanza mwingine. Wazee wanajua lugha yetu, wanawajua watoto wetu kwa majina, hawalipishi ada, na uamuzi wao huheshimiwa pande zote mbili za mpaka, kwa kuwa ukoo hauishii kwenye geti la forodha. Wakurya, kwa mfano, wako Tarime na wako Kuria ya Kenya. Hoja yangu ni kwamba usuluhishi wa wazee una kanuni zake za haki, na ukizikosa unakuwa hukumu isiyo na hakimu. Tena kuna mahali unapofika mwisho, na mzee mwenye busara ni yule anayejua kusema hapa pametushinda.

Hasara ya kikao kile ilionekana ndani ya wiki chache. Mchele wa Migori huuzwa mali kauli: unampa muuzaji magunia leo, anakulipa ukirudi na mzigo mwingine. Mama alipoacha kwenda, wadaiwa wake wakaacha kupokea simu. Mume hakuwajua hata kwa sura. Wazee walidhani wanaituliza nyumba, kumbe wanaua mtaji uliokuwa unailisha.

Kikao cha pili

Mwezi mmoja baadaye mjomba wa mke alivuka kutoka upande wa Kenya, akawaomba wazee wa mume waketi upya. Hakuja kwa matusi. Aliomba jambo moja tu, kwamba safari hii kila upande ulete watu wawili, na mwenyekiti awe mtu asiye ndugu wa yeyote. Wakakubaliana juu ya mwalimu mstaafu wa hapo kijijini. Kwa upande wa mke, mmoja wa wale wawili alikuwa mwanamke mtu mzima aliyewahi kufanya biashara ya nafaka.

Hilo la watu sawa kwa sawa si geni kwetu. Waislamu wanalijua tangu zamani, kwani aya ya 35 ya Sura An-Nisaa inaelekeza mume na mke wakihofiwa kufarakana, ateuliwe mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mwingine kutoka jamaa za mke. Makabila mengi yana utaratibu unaofanana na huo. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba kudai wawakilishi wa pande mbili ni mambo ya mjini.

Siku ya kikao ilipangwa na wote wawili, na haikuwa siku ya gulio. Mwalimu alianza kwa kuzungumza na kila mmoja peke yake, karibu nusu saa, akiwa na mzee mmoja wa kila upande. Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Mbele ya watu wote mke angeona haya kusema kwamba aliwahi kutishiwa, na mume angeona haya kusema kwamba majirani wanamcheka kwa kulishwa na mke. Kila mmoja aliyasema akiwa peke yake. Kikao cha kwanza kisingeyasikia hata kama kingekaa siku tatu.

Kisha yule mama mfanyabiashara akaomba daftari. Wazee wakashangaa, kwani walikuja kusuluhisha ndoa, si kukagua hesabu. Akawaambia kwamba nyumba inayoishi kwa biashara hugombania pesa kwanza, na wivu huja baadaye. Wakaenda stoo, wakahesabu magunia.

Daftari la Januari lilionyesha mtaji wa Sh4.2 milioni za Tanzania. Stoo ilikuwa na mali ya Sh1.9 milioni. Mali kauli iliyokuwa Migori ilikuwa Sh900,000. Jumla ni Sh2.8 milioni. Kwa hiyo Sh1.4 milioni hazikuonekana.

Pakawa kimya. Mume akakiri kwamba alichukua Sh1.1 milioni akatoa malipo ya awali ya pikipiki ya bodaboda, akitaka naye awe na chake, na hakusema. Mke naye akakiri kwamba Sh300,000 alimtumia mama yake mzazi kwa matibabu, na hakusema. Hesabu ikafunga.

Tazama kilichotokea hapo. Kabla ya kuhesabu, ugomvi ulikuwa juu ya tabia: huyu mzururaji, yule mvivu. Baada ya kuhesabu, ukawa juu ya jambo linaloweza kuzungumzwa, kwamba kila mmoja alikuwa anachota kwa siri kwa sababu hapakuwa na utaratibu wa kuchota kwa wazi. Kila mmoja alikuwa na kosa, na kila mmoja alikuwa na sababu. Usuluhishi wa haki haumfanyi mmoja kuwa mtakatifu. Unaweka mezani kilichopo.

Makubaliano yaliandikwa ukurasa mmoja. Daftari litakuwa moja, na fedha yoyote inayozidi Sh50,000 itatoka kwa wote wawili kujua. Pikipiki ni mali ya nyumba, na hesabu yake itaingia kwenye daftari lilelile. Mke atasafiri siku mbili kwa wiki, na akilazimika kulala Migori atatuma ujumbe kabla ya saa moja jioni akisema amelala wapi. Siku hizo mume atasimamia watoto. La tano, hakuna kupigana, na mkono ukiinuliwa usuluhishi umekwisha. Wote wakatia saini, nakala tatu, moja ikabaki kwa mwalimu. Wakapanga kukutana tena baada ya siku 30 na siku 90.

Ukitaka kujua kama kikao ulichoitiwa ni cha haki, kilinganishe na hicho. Je, umepewa taarifa mapema na siku unayoweza kufika? Je, upande wako una watu? Je, umesikilizwa peke yako na pia mbele ya mwenzio? Je, wameuliza ukweli wa fedha na mali kabla ya kusema nani mkosaji? Je, mwenzio naye ametwishwa jambo la kutekeleza, au wewe pekee ndiye uliyeambiwa uvumilie? Je, kuna maandishi na tarehe ya kurudi kukagua? Kikao ambacho masharti yake yote yanamwangukia mmoja, na hakina siku ya marejeo, hakikusuluhisha kitu. Kimenyamazisha mmoja tu.

Pale wazee walipofika mwisho

Ningependa kuwaambia kwamba nyumba ile ilipona. Siku 30 za kwanza zilikwenda vizuri. Kwenye wiki ya saba mume akampiga mke, akamvunja jino, kwa sababu ya simu aliyopigiwa na mnunuzi wa Migori usiku.

Wazee wawili wa upande wa mume walitaka jambo limalizwe nyumbani. Walipendekeza mume atoe faini ya mbuzi na mke arudi. Mwalimu akafungua karatasi, akasoma sharti la tano, akasema kazi yake imeishia hapo. Akamsindikiza mama polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, wakapewa fomu ya PF3, wakaenda hospitali. Nakala ya makubaliano na maelezo ya alichokiona akaviweka kwenye bahasha, akampa mama.

Kwa maoni yangu, hicho ndicho kitendo kikubwa kuliko vyote alivyofanya mwalimu yule. Kipigo si kutoelewana kunakohitaji kusuluhishwa. Msuluhishi anafanya kazi kati ya watu wawili wanaoweza kusema hapana bila kuogopa. Mmoja akishaanza kuogopa, kila atakachokikubali kwenye kikao amekikubali kwa hofu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko, hata kama mila ingesema vingine. Kenya ina Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, ambayo kwayo mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Uganda ina sheria yake ya ukatili wa nyumbani ya mwaka 2010. Mbuzi wa faini hafuti lolote kati ya hayo.

Dalili ya pili ya mwisho wa usuluhishi ni mmoja kuendelea kuhamisha mali wakati wazee wanaketi. Ukiona stoo inapungua au kiwanja kinatafutiwa mnunuzi kati ya kikao na kikao, usisubiri kikao kingine. Tanzania, kifungu cha 59 cha sheria ileile kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Zuio hilo lina nguvu likidaiwa mapema kwenye vyombo vya sheria. Likilalamikiwa kwa mjomba baada ya nyumba kuuzwa, limeshachelewa.

Dalili ya tatu ni ng'ombe kugeuzwa kufuli. Utasikia kwamba mke hawezi kusikilizwa mpaka wazazi wake warudishe mahari. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika shauri lililofunguliwa na shirika la Mifumi, iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndipo ndoa ya kimila ivunjwe ni kinyume cha Katiba. Uamuzi huo unafunga Uganda tu, lakini sababu yake inaeleweka popote, kwa kuwa mwanamke ambaye baba yake hana ng'ombe wa kurudisha anabaki mateka wa ndoa. Na Tanzania, mahakama inapoombwa talaka huuliza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Haianzi kwa kuhesabu zizi.

Karatasi ya ukoo na karatasi ya baraza

Hapa wafanyabiashara wengi wa upande wa Tanzania hukosea, wakapoteza nauli na miezi. Mama yule alidhani muhtasari wa wazee unatosha kwenda nao mahakamani. Hautoshi. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka shauri la talaka litanguliwe na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza hilo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Ni baraza linalotambuliwa kisheria, la kata au la jumuiya ya dini iliyoruhusiwa. Kikao cha ukoo, hata kikiwa cha haki namna gani, si baraza hilo. Mahakama zimewahi kuyatupa mashauri kwa sababu mtu alileta barua ya wazee wa familia.

Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Huwaita wote wawili na kumpa kila mmoja nafasi ya kusema. Wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu pale. Likishindwa, hutoa hati, na linaweza kuambatanisha mapendekezo kuhusu matunzo, watoto na mgawanyo wa mali. Hati hiyo ipelekwe mahakamani ndani ya miezi sita tangu itolewe, la sivyo unaanza upya. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, kwa hiyo huna haja ya kuanzia mbali.

Sasa kwa sisi tunaovuka mipaka kuna sehemu mbili za kuangalia. Sheria inaruhusu kwenda mahakamani bila hati ya baraza ikiwa mwenzio anaishi nje ya Tanzania na haelekei kuingia nchini ndani ya miezi sita, au ikiwa aliitwa na baraza akakataa kwa makusudi kufika. Hiyo ni nafuu kwa mke ambaye mume amehamia Kisumu au Kampala na hapokei simu: hawezi kufungwa milele na mtu asiyetokea. Lakini ni hatari kwako wewe unayeitwa ukiwa safarini. Ukinyamaza, kutofika kwako kunaweza kuhesabiwa kuwa kukataa. Jibu wito kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unaoweza kuonyeshwa, ueleze uko wapi na utaje siku utakayofika. Kisha fika.

Upande wa Kenya mlango uko tofauti kidogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inawaruhusu waliooana kimila kupitia usuluhishi wa kimila kabla mahakama haijaamua talaka, mradi usuluhishi huo ufuate misingi ya Katiba. Aliyewasuluhisha anatakiwa kuandaa taarifa kwa ajili ya mahakama. Kwa hiyo mzee wa Isebania anayesuluhisha bila kuandika lolote anawaacha watu wake mikono mitupu.

Nani alichangia nini

Limebaki la mali, na ndilo wazee wengi huliharibu kwa nia njema. Husema mtaji ni wa mume kwa sababu stoo ina jina lake, au ni wa mke kwa sababu ndiye anayesafiri. Sheria haihesabu hivyo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Kenya imeandika jambo kama hilo katika Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013: kulea watoto, kutunza nyumba na kusimamia biashara ya familia ni mchango. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema pia kwamba usawa wa wanandoa haumaanishi kila kitu kukatwa nusu kwa nusu bila kuangalia mchango.

Maana yake kwetu ni kwamba mume aliyebaki Sirari akilisha watoto na kulinda stoo alichangia. Mke aliyelala kwenye magunia Isebania alichangia. Kiasi gani, hilo hujulikana kwa ushahidi: daftari, risiti za forodha, ujumbe wa malipo ya simu, kitabu cha kikundi cha kuweka na kukopa. Mfanyabiashara asiye na kumbukumbu hizo atategemea huruma ya atakayeketi mbele yake, awe mzee au hakimu. Weka nakala mahali pasipo nyumbani.

Shauri la mama yule bado liko mahakamani, nami sitalizungumzia zaidi. Amerudi Migori, amekusanya sehemu ya mali kauli yake, na watoto wako kwa bibi yao. Bahasha ya mwalimu iko mikononi mwa mahakama.

Kwa wazee wetu nina ombi moja. Mkiitwa tena kwa ajili ya nyumba ya mfanyabiashara, kabla ya kuketi ulizeni gari lake linarudi lini, na msianze mpaka limerudi.